Mkaguzi wa ndani anasimama wapi? Kuichora mistari mitatu kwa kufuata malipo ya mzabuni

Ziko taasisi ambazo hati ya malipo haiendi benki mpaka ipite kwa mkaguzi wa ndani. Mhasibu anaiandaa, mkuu wa idara anaidhinisha, kisha inapelekwa ofisi ya ukaguzi, viambatisho vinapekuliwa, inagongwa muhuri wa "IMEKAGULIWA", ndipo inalipwa. Menejimenti hulala usingizi mzuri kwa sababu ya muhuri huo. Wakaguzi wengi nao wanaupenda, maana unawapa nguvu inayoonekana kila siku.

Muhuri huo ndio unaomtoa mkaguzi mahali pake. Nitaeleza kwa nini, na namna ya kumrudisha, kwa kutumia modeli ya mistari mitatu. Badala ya kuanza na mchoro wenye masanduku, tutafuata kihatarishi kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho: mtu anajifanya mzabuni, anatuma barua pepe akiomba akaunti yake ya benki ibadilishwe, na malipo halali yanaingia kwenye akaunti ya tapeli. Ni wizi unaotokea kila mahali, na unaonyesha waziwazi nani alipaswa kufanya nini.

Kwanza, modeli yenyewe inasema nini

Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, chombo cha kimataifa cha taaluma hii kilichoanzishwa mwaka 1941, ilitoa waraka wa mistari mitatu ya ulinzi Januari 2013. Julai 2020 waraka huo uliandikwa upya, na neno "ulinzi" likaondolewa kwenye jina. Sababu ilikuwa ya msingi: kuongoza vihatarishi si kujikinga na hasara tu, ni pamoja na kufikia malengo ya taasisi. Tangu hapo inaitwa Modeli ya Mistari Mitatu.

Juu kabisa iko bodi, au chombo kingine chochote cha uongozi kinachowajibika kwa wenye mali na wadau. Chini yake kuna menejimenti, ambayo ndani yake mna majukumu ya mstari wa kwanza na ya mstari wa pili. Mstari wa kwanza ni wale wanaofanya kazi yenyewe na kubeba vihatarishi vinavyotokana na kazi hiyo. Mstari wa pili ni wale wenye utaalamu wa kuwasaidia, kuwafuatilia na kuwahoji wa mstari wa kwanza kuhusu vihatarishi: kitengo cha usimamizi wa vihatarishi, uzingatiaji wa sheria, usalama wa mifumo, udhibiti wa ubora. Mstari wa tatu ni ukaguzi wa ndani, unaotoa uhakikisho na ushauri ulio huru, na unaowajibika kwa bodi.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye michoro ya watu ni kuipanga mistari hii kama milango mitatu mfululizo, kana kwamba mwizi akipita mlango wa kwanza atakutana na wa pili, na akipita wa pili atamkuta mkaguzi kwenye mlango wa tatu. Modeli ya 2020 inasema wazi kwamba namba hazimaanishi mfuatano. Mistari yote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Mkaguzi hayupo pale kumdaka mwizi aliyewaponyoka wengine. Yupo kuiambia bodi kama namna ya kumdaka inafanya kazi.

Jambo la pili la kushika ni hili: mpaka mkubwa hauko kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Hiyo yote miwili ni menejimenti, na baadhi ya taasisi huichanganya bila madhara makubwa. Mpaka mkubwa uko kati ya menejimenti nzima na ukaguzi wa ndani. Mkuu wa kitengo cha vihatarishi, hata akiwa na msimamo mkali kiasi gani, ni sehemu ya menejimenti. Mkaguzi mkuu wa ndani siye.

Hatua ya 1: Andika kihatarishi kwa sentensi moja inayoeleweka

Usiandike "kihatarishi cha udanganyifu". Maneno hayo hayamwambii mtu afanye nini, kwa hiyo hata ukigawa majukumu kila mmoja ataelewa lake. Andika tukio, njia yake na matokeo yake: "Mtu asiye mzabuni anafanikiwa kutufanya tubadilishe akaunti ya benki ya mzabuni kwenye mfumo, na malipo yake yanakwenda kwa mtu huyo."

Sentensi hiyo imeshakuonyesha kitu ambacho muhuri wa mkaguzi hauwezi kukiona. Hati ya malipo inayofika mezani kwake ina ankara halali, oda ya ununuzi halali na hati ya kupokelea mali iliyosainiwa. Bidhaa zilikuja kweli. Kiasi ni sahihi. Namba ya akaunti inatoka kwenye mfumo wa malipo, na huko ndiko ilikobadilishwa wiki tatu zilizopita. Mkaguzi atagonga muhuri kwa moyo safi, na fedha zitakwenda kwa tapeli.

Hatua ya 2: Orodhesha matendo kabla ya vyeo

Chukua karatasi na uandike kila tendo linalohusika na kihatarishi hicho. Anza kila mstari kwa kitenzi, na usitaje idara bado. Kwa mfano wetu orodha inaweza kuwa hivi:

- kupokea ombi la kubadili akaunti;
- kumpigia mzabuni simu ili kuhakiki, kwa namba iliyo kwenye mkataba na siyo iliyo kwenye barua ya ombi;
- kuingiza akaunti mpya kwenye mfumo;
- kuidhinisha badiliko hilo, kwa mtu tofauti na aliyeingiza;
- kuandika kanuni inayosema uhakiki ufanywe vipi na ushahidi upi utunzwe;
- kufuatilia kila mwezi kama kanuni inafuatwa;
- kuwahoji wahusika pale isipofuatwa, na kupeleka taarifa kwa menejimenti ya juu;
- kuamua kiasi gani cha kihatarishi hiki taasisi iko tayari kukibeba;
- kutathmini kama haya yote yamepangwa vizuri na yanafanya kazi, kisha kuieleza bodi.

Ninasisitiza vitenzi kwa sababu vyeo hudanganya. Mtu anaweza kuitwa "ofisa uzingatiaji" huku kazi yake halisi ni kuidhinisha miamala, na hapo yuko mstari wa kwanza bila kujali kibao kilichopo mlangoni. Modeli inazungumzia majukumu, haizungumzii ofisi. Mtu mmoja au idara moja inaweza kuwa na jukumu la mstari wa kwanza kwenye jambo moja na la mstari wa pili kwenye jambo lingine.

Hatua ya 3: Weka kila tendo kwenye mstari wake

Kwa kila tendo jiulize swali moja: tendo hili lisipofanyika, je, kazi inasimama au inakwenda vibaya hapo hapo? Kama jibu ni ndiyo, hilo ni la mstari wa kwanza. Kupokea ombi, kupiga simu, kuingiza akaunti na kuidhinisha ni matendo ya mstari wa kwanza, na yote manne yanabaki kwa watu wa manunuzi na fedha.

Hapa hutokea ubishi kuhusu idara ya fedha. Wengine huiweka mstari wa pili kwa kuwa haiuzi wala haihudumii wateja. Waraka wa 2020 unazihesabu kazi saidizi kuwa sehemu ya mstari wa kwanza, na kwa malipo sioni namna nyingine: idara ya fedha ndiyo inayolipa, kwa hiyo ndiyo inayobeba kihatarishi cha kulipa vibaya. Mhasibu anaposema "kuzuia utapeli ni kazi ya watu wa vihatarishi", amekwisha kukwepa jukumu lake.

Kuandika kanuni, kufuatilia, kuhoji na kutoa taarifa kwa menejimenti ni matendo ya mstari wa pili. Kuamua kiasi cha kihatarishi cha kubeba ni kazi ya uongozi: menejimenti inapendekeza, na bodi inaamua kiwango cha jumla. Tendo la mwisho, la kutathmini na kuieleza bodi, ndilo la ukaguzi wa ndani. Limebaki peke yake kwenye orodha, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 4: Chunguza kama mstari wa pili umeteleza kwenda wa kwanza

Mstari wa pili huteleza kwa njia inayoonekana kuwa ya heri. Baada ya tukio la utapeli, mkurugenzi anasema: "Kuanzia leo kila badiliko la akaunti lipitie kwa meneja wa vihatarishi aliidhinishe." Baada ya miezi michache mhasibu haipigi tena ile simu kwa makini, kwa sababu anajua kuna mtu mbele yake. Meneja wa vihatarishi naye anaidhinisha kwa kuwa fomu ina saini ya mhasibu. Saini zimeongezeka, uhakiki umepungua.

Ukikuta hali hii, rudisha idhini kwa msimamizi wa malipo na umwachie meneja wa vihatarishi ufuatiliaji. Achukue sampuli ya mabadiliko ya mwezi uliopita, aangalie kama kuna kumbukumbu ya simu yenye jina la aliyepiga, namba iliyopigwa, saa na jina la aliyejibu, na kama namba hiyo inalingana na ile ya mkataba. Asiporidhika, ahoji, na akipuuzwa apande juu. Anaweza hata kuwa na mamlaka ya kusimamisha malipo yenye dalili mbaya. Modeli haikatazi hilo, mradi kila mtu ajue kwamba hapo anafanya uamuzi wa menejimenti, na mkaguzi atakuja kuukagua uamuzi huo kama mwingine wowote.

Hatua ya 5: Fuata saini ya mkaguzi

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Kusanya fomu zote zinazotumika kwenye malipo, manunuzi, ajira na uuzaji wa mali chakavu. Tafuta kila sehemu ambayo saini au muhuri wa mkaguzi wa ndani unahitajika ili kazi iendelee. Kila unapoiona, mkaguzi amevuka mpaka na kuingia menejimenti.

Wanaotetea muhuri wana hoja mbili, na zote zinastahili kujibiwa. Ya kwanza: "Mkaguzi hukamata makosa kabla fedha haijatoka." Ni kweli, hukamata makosa ya kujumlisha na viambatisho vilivyosahaulika. Lakini kazi hiyo ni udhibiti wa kawaida wa malipo. Mhasibu mwandamizi katika idara ya fedha anaweza kuifanya, na akiifanya yeye, itabaki mtu wa kumkagua. Akiifanya mkaguzi, nani atakagua kama uhakiki wa hati za malipo unafanyika ipasavyo? Mkaguzi atakuwa anajikagua mwenyewe, na hilo halina thamani kwa bodi.

Hoja ya pili: "Mkaguzi hashiriki uamuzi, anaangalia tu." Muulize mtetezi huyo swali hili: mkaguzi akikataa kugonga, malipo yanafanyika? Kama hayafanyiki, ameshiriki uamuzi. Siku kutakapokuwa na hoja kuhusu malipo hayo, wa kwanza kuoneshwa kidole atakuwa yeye, na mhasibu atajitetea kwa maneno mepesi: "Ukaguzi waliipitisha."

Kuuondoa muhuri kunahitaji mpango, maana ukiuondoa ghafla bila mtu wa kupokea kazi, pengo litakuwa la kweli. Mkaguzi mkuu aandike orodha ya kila anachokiangalia kwenye hati kabla ya kugonga. Idara ya fedha imteue mtu wa kufanya ukaguzi huo wa awali, asiyeandaa hati hizo yeye mwenyewe. Kwa muda mfupi waliokubaliana, mkaguzi amwelekeze mtu huyo, ambao ni ushauri halali. Kisha tarehe iwekwe, fomu zibadilishwe, na kamati ya ukaguzi ya bodi ijulishwe kwa maandishi.

Baada ya hapo kuna kipindi cha kujihadhari. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani vilivyoanza kutumika 9 Januari 2025 vinachukulia kwamba mkaguzi hawezi kuwa na jicho huru juu ya shughuli aliyokuwa na jukumu nayo ndani ya miezi 12 iliyopita. Kwa hiyo mkaguzi aliyekuwa akigonga muhuri hadi Juni asipangiwe kukagua malipo kabla ya Juni ya mwaka unaofuata. Apangiwe mwenzake. Kama kitengo kina mtu mmoja tu, uhakikisho wa eneo hilo utafutwe nje kwa mwaka huo.

Hatua ya 6: Hakikisha njia ya kuripoti inaishia kwa bodi

Mchoro wa muundo wa taasisi karibu siku zote una mstari kutoka kwa mkaguzi mkuu hadi kamati ya ukaguzi. Usiutegemee. Uliza nani anaidhinisha mpango wa ukaguzi wa mwaka, nani anaidhinisha bajeti ya kitengo, nani anaamua kumwajiri, kumpima na kumwondoa mkaguzi mkuu. Majibu yakiwa ni mkurugenzi mtendaji au mkurugenzi wa fedha, mstari kwenye mchoro ni pambo.

Kiutawala si vibaya mkaguzi mkuu awe chini ya mkurugenzi mtendaji kwa mambo kama likizo na vitendea kazi. Tatizo linakuwa kubwa anapowekwa chini ya mkurugenzi wa fedha. Rudi kwenye kihatarishi chetu: matendo yote manne ya mstari wa kwanza yako manunuzi na fedha, na mkaguzi ndiye atakayeandika kwamba uhakiki wa akaunti haufanyiki. Hawezi kuyaandika hayo kwa uhuru kuhusu bosi wake anayempima mwisho wa mwaka.

Angalia pia ajenda za kamati ya ukaguzi. Katika kila kikao, au angalau mara kadhaa kwa mwaka, kuwe na muda ambao mkaguzi mkuu anazungumza na wajumbe bila mtu wa menejimenti chumbani. Na mara moja kila mwaka anatakiwa athibitishe mbele ya bodi kama kitengo chake kiko huru, na aeleze pale ambapo uhuru huo umeguswa.

Uhuru huu hauna maana ya kujitenga. Mkaguzi asiyeongea na watu wa mstari wa kwanza na wa pili atapanga ukaguzi wa mambo yasiyo na uzito.

Mfano uliofanyiwa kazi: nani anaona nini

Tuseme taasisi imeshapanga kila kitu kama nilivyoeleza. Mkaguzi sasa anakagua mabadiliko ya akaunti za wazabuni kwa mwaka mzima.

Anaanza kwa mstari wa pili, kwa sababu kama ufuatiliaji wao ni mzuri anaweza kuutegemea na kupunguza kazi yake. Meneja wa vihatarishi anamwonyesha jalada safi: katika mwaka kulikuwa na mabadiliko 48, amechukua sampuli ya 20, na yote 20 yana kumbukumbu ya simu. Mkaguzi hachukui matokeo hayo kama yalivyo. Anachagua 5 kati ya zile 20 na kurudia kazi mwenyewe: anaangalia namba iliyopigwa, analinganisha na mkataba. Zote 5 zinakubaliana na alichoandika meneja. Hapo ana sababu ya kuamini kwamba meneja anapoangalia, anaangalia vizuri.

Kisha anauliza swali ambalo halikuulizwa: zile 48 zimetoka wapi? Meneja amezihesabu kutoka kwenye daftari la fomu za maombi. Mkaguzi anaomba kumbukumbu za mfumo wa malipo zenyewe, zile ambazo mfumo huandika kila mtu anapogusa akaunti, na anazichukua moja kwa moja kutoka kwenye mfumo bila kuletewa faili na idara ya fedha. Humo anakuta mabadiliko 62. Mabadiliko 14 hayana fomu kabisa.

Anayafuatilia moja moja. 11 yalifanywa na msimamizi wa mfumo siku moja, alipokuwa akirekebisha namba baada ya benki kubadilisha mpangilio wa namba za akaunti. Yana maelezo, ingawa hayakuhakikiwa. Matatu yaliyobaki yaliingizwa na karani wa malipo na kuidhinishwa na karani huyo huyo, kwa sababu mfumo unamruhusu mtu mmoja kufanya yote mawili.

Sasa angalia mistari inavyotengana. Kwa mstari wa kwanza hoja ni kwamba mfumo haulazimishi watu wawili, na mabadiliko matatu yamepita bila mtu wa pili. Kwa mstari wa pili hoja ni tofauti kabisa: ufuatiliaji wao ulianza kwenye daftari la fomu badala ya kumbukumbu za mfumo, kwa hiyo tapeli asiyejaza fomu hawezi kuonekana kamwe, hata wakikagua fomu zote 48. Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na hakuna mtu ndani ya menejimenti aliyekuwa na nafasi nzuri ya kuiona, kwa sababu kila mmoja alikuwa akifanya sehemu yake kama alivyoelekezwa. Mkaguzi anayeshinda ofisini akigonga mihuri hapati muda wala umbali wa kuuliza swali hilo.

Mkaguzi anaandika hoja zote mbili, na menejimenti inajibu kwa mpango wenye jina la mhusika na tarehe. Yeye habadilishi mipangilio ya mfumo, hachagui nani awe muidhinishaji, na hawapigii simu wale wazabuni watatu ili mambo yaishe. Anaweza kuwapigia kupata ushahidi wa ukaguzi wake, lakini uhakiki unaotakiwa na kanuni unabaki kwa fedha. Akiona dalili kwamba mabadiliko yale matatu yanaelekea kwenye wizi, haisubiri ripoti ya mwisho. Analipeleka jambo hilo mara moja kwa wanaohusika, kwa utaratibu wa taasisi wa kushughulikia udanganyifu.

Baadaye, tarehe za mpango zikifika, mkaguzi anarudi kuangalia kama kilichoahidiwa kimefanyika: anaomba jaribio la kuingiza na kuidhinisha kwa jina moja la mtumiaji, na aone mfumo ukikataa.

Taasisi ikiwa ndogo

Kwenye taasisi yenye watu wachache, mkaguzi mkuu mara nyingi hupewa na usimamizi wa vihatarishi. Modeli haisemi hilo haliwezekani, ila inadai liwekewe kinga. Jukumu hilo la ziada liandikwe kwenye hati ya mamlaka ya ukaguzi wa ndani pamoja na kinga zake, bodi ikubali ikijua, na uhakikisho juu ya usimamizi wa vihatarishi utolewe na mtu mwingine mwenye sifa, kwa kawaida kutoka nje.

Yapo mambo ambayo mkaguzi akiyashika, hata taasisi iwe ndogo kiasi gani, anakuwa ameiacha nafasi yake: kuweka kiwango cha kihatarishi kinachokubalika, kuamua kihatarishi kishughulikiwe vipi, na kutekeleza uamuzi huo kwa niaba ya menejimenti. Kuendesha warsha ya kutambua vihatarishi, kufundisha watu namna ya kujaza rejista, kuunganisha taarifa za idara mbalimbali, hayo anaweza kuyafanya kwa muda, huku kukiwa na mpango wa kuyakabidhi.

Dalili kwamba mistari imepinda

Sikiliza lugha ya vikao kabla ya kusoma nyaraka. Mkuu wa idara akisema "vihatarishi vya kitengo cha vihatarishi", mstari wa kwanza umeshajivua mzigo. Menejimenti ikiuliza "ukaguzi walikuwa wapi?" kila fedha inapopotea, wanamwona mkaguzi kama mlinzi wa zamu, na huenda mkaguzi mwenyewe ndiye aliyewazoesha. Rejista ya vihatarishi yenye jina la mkaguzi kwenye safu ya mmiliki wa kihatarishi ni kosa lisilohitaji mjadala. Na hoja zinazojirudia mwaka hadi mwaka kwa maneno yale yale huonyesha ama bodi haisomi, ama mkaguzi hafiki kwenye bodi.

Dalili ngumu zaidi kuiona ni ukimya baada ya kutokubaliana. Chukulia menejimenti inajibu hoja ya mfumo hivi: "Kutenganisha watu wawili kutachelewesha malipo, tunakubali kihatarishi." Wana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa uamuzi ni wao. Mkaguzi naye ana wajibu wa kupima kama kihatarishi hicho kimevuka kiwango ambacho bodi ilikubali kukibeba. Akiona kimevuka, analizungumza kwanza na menejimenti ya juu, na wasipoelewana analipeleka kwa bodi, akieleza kihatarishi ni kipi, menejimenti imesema nini na yeye ana maoni gani. Hana jukumu la kukimaliza kihatarishi hicho. Bodi ikisikia pande zote mbili na kuamua kubaki na karani mmoja, uamuzi huo unaingia kwenye muhtasari wa kikao, na mkaguzi anaendelea na mpango wake wa mwaka.